Salamu Iliyokosekana Ijumaa Ile: Uchambuzi wa Kisa cha Mzee Mmoja wa Mkoani Tanga

Kisa hiki kinahusu mzee wa miaka 78, mjane, aliyewahi kuwa mnyapara katika shamba la mkonge, anayeishi na binti yake katika mji mdogo mmoja wa Mkoa wa Tanga. Mwezi Septemba 2024 aliacha kula asubuhi, akaacha dawa zake za presha, na baada ya siku 12 akaletwa zahanati akiwa na kizunguzungu na hawezi kusimama bila kushikwa. Aliyemleta alisema mzee amechoka na uzee umeingia. Mimi ni afisa ustawi wa jamii na niliitwa na tabibu wa zahanati hiyo kwa sababu alihisi maelezo yale hayatoshi. Familia imeridhia kisa kiandikwe, mradi majina na mtaa visitajwe.

Niseme mapema kilichopatikana, kwa kuwa faida ya kisa hiki iko katika namna kilivyopatikana. Mzee aliacha kula na kunywa dawa kuanzia asubuhi ambayo mtoto mmoja wa shule, asiye ndugu yake, hakupita kumwamkia. Mtoto hakuwa mgonjwa wala hakuwa amekosana naye. Alikuwa amemaliza darasa la saba.

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza nieleze asubuhi ya mzee ilivyokuwa imepangwa. Binti yake anauza mboga sokoni, na huondoka nyumbani alfajiri, mara baada ya sala, ili awahi magari yanayoshusha mzigo. Kabla ya kuondoka huweka juu ya kijimeza cha barazani chupa ya chai, vipande vya muhogo wa kuchemsha au mkate vilivyofunikwa kwa kawa, na kikopo chenye vidonge. Hurudi saa 10 jioni. Katikati ya saa hizo mzee yuko peke yake. Mkewe alifariki mwaka 2019. Wenzake wawili aliokuwa akicheza nao bao wametangulia mbele ya haki, na magoti yamemzuia kwenda msikitini isipokuwa anapopata mtu wa kumpeleka. Masikio yake nayo yamepungua nguvu, kiasi kwamba mtu akimsemesha huku anatembea hapati zaidi ya nusu ya maneno.

Kila siku ya shule, karibu saa 12:40 asubuhi, watoto hupita mbele ya baraza hiyo wakielekea shule ya msingi. Wengi wao huamkia, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa, lakini huamkia kwa pamoja na mbio mbio, na wakati mzee anafungua mdomo kuitikia, wao wamekwisha kufika kwenye kona. Mtoto mmoja alikuwa na desturi tofauti. Alikuwa akiacha kundi, anasogea hadi kwenye ngazi ya baraza, anasimama, ndipo anasema, "Shikamoo babu." Mzee hujibu, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Mtoto hujibu kwamba hajambo. Mzee huuliza kama amekunywa chai na kama nyumbani wameamka salama, kisha humwambia, "Haya, nenda ukasome." Mtoto hangeondoka kabla ya kuambiwa neno hilo la mwisho. Yote haya hayakuzidi dakika moja, na yalikuwa yameendelea tangu mtoto alipokuwa darasa la tano.

Mtoto akishaondoka, mzee hufungua chupa, humimina chai, hula muhogo, na humeza kidonge chake. Hakuwa na saa ya mkononi, na saa ya ukutani iko chumbani kwa binti yake. Adhana ya alfajiri humwamsha lakini haimwambii ale, kwa sababu binti yake anakuwa bado yumo ndani na chai haijatengwa. Kitu kilichomwambia kwamba siku imeanza na sasa ni wakati wa kula kilikuwa ni yule mtoto. Hakuna mtu aliyeupanga utaratibu huu, na hata mzee mwenyewe hakuwa na habari kwamba anaufuata mpaka nilipomwomba anisimulie asubuhi yake hatua kwa hatua. Siku za Jumamosi na Jumapili binti huchelewa kutoka, hivyo hunywa chai pamoja. Wakati wa likizo za shule, anayekaa nyumbani kwao ni mjukuu wake wa kike anayesoma shule ya bweni, na yeye ndiye humtengea babu yake. Kwa maneno mengine, utaratibu ulikuwa na nguzo kwa kila majira ya mwaka isipokuwa majira yale yaliyokuja kumwangusha.

Majira hayo yanatokana na kalenda ya shule zetu. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, kwa siku mbili, na mwaka ule ulifanyika Jumatano tarehe 11 na Alhamisi tarehe 12. Baada ya siku hizo mbili watahiniwa wa darasa la saba hawarudi tena shuleni. Wengine wote, kuanzia darasa la awali hadi la sita, huendelea na masomo hadi muhula unapofungwa Desemba. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa darasa la saba anajua hilo, na walimu wanalijua, na watoto wenyewe huihesabu siku hiyo kwa hamu. Mzee huyu hakuwahi kukaa darasani, na watoto wake walisoma zamani, tena yeye akiwa shambani tangu alfajiri mpaka mchana. Alijua kwamba shule hufungwa mwisho wa mwaka. Ijumaa tarehe 13 aliona mashati meupe na kaptula za bluu zikipita mbele yake kama kawaida, zikiwa nyingi kama kawaida, naye hakumwona mtoto wake. Laiti shule nzima ingefungwa siku hiyo, angeelewa.

Alhamisi mtoto alipita kama siku zote. Alimwambia mzee kwamba leo ndiyo wanamaliza mtihani, naye mzee akamwombea dua kwamba Mungu amfungulie. Hakuna aliyeaga. Mtoto hakuaga kwa sababu hakudhani kwamba kuna kitu anachokiacha pale, na mzee hakuaga kwa sababu, kwa uelewa wake, mtihani ni jambo la siku moja katika wiki ya shule, na baada yake watu huendelea.

Ijumaa alingoja. Alidhani mtoto amechelewa, akaendelea kukaa hadi jua lilipofika barazani, kisha akaingia ndani bila kugusa chai. Mwanzoni mwa wiki iliyofuata iliangukia sikukuu ya Maulidi, kwa hiyo aliweka matumaini yake katika siku ya kufungua shule. Siku hiyo ilipofika, na mtoto asitokee, mzee alifanya kitu ambacho kwa mtu wa haya kama yeye kilikuwa kizito: alimsimamisha mtoto mdogo, huenda wa darasa la pili, akamuuliza habari za mwenzao. Yule mtoto alikuwa ana haraka. Alijibu akiwa ameshaanza kukimbia, na mzee akasikia maneno mawili tu: "Hayupo tena."

Tangu hapo mzee hakumuuliza mtu mwingine. Alibaki na hofu kwamba mtoto amekufa, na kwamba watu wameshazika bila yeye kupewa taarifa.

Sasa nirudi upande wa zahanati, mahali kisa kilipoanzia kwetu. Jumanne tarehe 24 Septemba binti alimkuta baba yake amekaa sakafuni kando ya kitanda, amejaribu kusimama akashindwa. Alikodi bajaji, akamleta. Presha yake ilikuwa 186/102, wakati rekodi ya kliniki ya tarehe 4 mwezi huo huo ilikuwa 146/84. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari ilikuwa ya kawaida. Hakuwa na homa, uso haukuwa umepinda, mikono yote miwili ilikuwa na nguvu sawa, na maneno yake yalitoka vizuri, ingawa kwa uchache. Uzito ulikuwa umepungua kilo mbili tangu kliniki iliyopita. Midomo ilikuwa mikavu, na ngozi ya mkono ikivutwa ilikawia kurudi, ingawa kwa mzee dalili hiyo peke yake haitegemewi sana.

Binti alieleza kwamba kwa muda sasa anarudi na kukuta chupa ya chai imejaa. Alidhani baba anafunga sunna. Baadaye akadhani amemuudhi. Alipomuuliza, mzee alisema hana hamu. Ama kuhusu dawa, binti alisema kwa uhakika kwamba anakunywa, kwa sababu kikopo kilikuwa mahali pake kila siku. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kikopo kuwa mezani ni ushahidi kwamba dawa ilitengwa tu. Tabibu alimwomba binti arudi nyumbani akalete kikopo chenyewe.

Vidonge hivyo ni amlodipini ya miligramu 5, kimoja kwa siku. Tarehe 4 mzee alipewa 30, katika karatasi tatu za vidonge 10 kila moja, na aliambiwa aanze tarehe 5, kwa kuwa cha tarehe 4 alikuwa amekwisha kukinywa. Kama angekuwa amekunywa kila siku hadi asubuhi ile ya tarehe 24, vingebaki 10. Vilikuwa 22. Karatasi mbili hazikuwa zimeguswa, na ya kwanza ilikuwa na viwili vimesalia. Vidonge vinane tu vilikuwa vimetumika, ambavyo vinatosha tarehe 5 hadi tarehe 12.

Hesabu hiyo ilitupa vitu viwili. Kwanza, ilionyesha kwamba dawa haikuwa ikisahauliwa leo na kukumbukwa kesho, kama inavyotokea kwa mtu ambaye kumbukumbu yake inadhoofika, kwa sababu mtu wa namna hiyo huacha vidonge vingi kuliko hesabu, au vichache kuliko hesabu kwa kuwa amerudia, lakini ni vigumu kuonyesha siku moja na kusema hapa ndipo alipoachia. Ni kweli kwamba hesabu ya vidonge peke yake haisemi vilinywewa siku zipi. Lakini binti alikumbuka kwamba chupa ya kwanza iliyojaa aliikuta Ijumaa, kwa sababu siku hiyo alirudi mapema kumtayarishia baba yake kanzu ya kwenda msikitini, naye akakataa kwenda. Tarehe mbili zilizotoka njia mbili tofauti zilikutana. Pili, karatasi ya kwanza kubaki na vidonge viwili iliondoa uwezekano kwamba aliacha kwa sababu karatasi iliisha na hakujua kufungua nyingine, jambo ambalo nimelikuta kwa wazee wenye vidole vya baridi yabisi mara nyingi.

Binti aliuliza swali la haki: ikiwa aliacha dawa tarehe 13, mbona wiki ya kwanza alionekana mzima? Jibu liko katika dawa yenyewe. Amlodipini hutoka mwilini polepole, na nusu ya kiasi kilichomo katika damu huwa bado ipo baada ya saa 30 hadi 50, hivyo mtu anayeiacha hupandwa na presha kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, na siku za mwanzo hakuna kinachoonekana. Wakati huo huo mzee alikuwa hali wala hanywi chochote kuanzia alfajiri mpaka jioni. Kizunguzungu chake, kwa maoni ya tabibu, kilitokana zaidi na njaa na upungufu wa maji, na presha ilikuwa hatari nyingine iliyokuwa ikipanda kando yake bila kelele.

Kabla ya kuuliza habari za moyo, ilibidi kuangalia akili. Kipo kipimo kifupi cha kuchunguza kupungukiwa akili kwa wazee kilichotengenezwa kutokana na utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na uzuri wake ni kwamba hakimlazimishi mtu kujua kusoma wala kuandika. Sehemu mojawapo ni njiti za kiberiti: mpimaji hupanga njiti nne kwa umbo fulani mbele ya mzee, kisha humpa njiti zake apange vivyo hivyo. Mzee wetu alizipanga bila kusita, akazinyoosha kwa ncha ya kidole mpaka zilipokaa sawa, halafu akamuuliza tabibu kama zile zake ziko mstari mmoja, maana za tabibu zilikuwa zimepinda. Alitaja wanyama wengi kwa dakika moja. Alijua siku ya wiki na alimjua mwenyekiti wa mtaa. Maneno yanayokumbukwa baada ya muda aliyakosa mawili matatu, lakini tulipoyarudia kwa sauti ya juu karibu na sikio la kulia, ikaonekana kwamba hakuwa ameyasikia tangu mwanzo. Uzee uliosemwa umeingia akilini haukuwa umeingia.

Ndipo nilipomuuliza yaliyotokea Ijumaa ile. Sikumuuliza ana huzuni gani, kwa kuwa mzee wa kiume wa rika lake, tena aliyekuwa akisimamia watu shambani, hawezi kumjibu mtu aliye sawa na bintiye kwamba ana huzuni, na ukilazimisha atasema hana neno. Nilimwomba tu anieleze asubuhi yake, nani hupita njiani na nani huongea naye. Alijibu kwamba watu siku hizi hawapiti. Nikamwambia kwamba watoto wa shule nimewaona wakipita. Akasema, "Wanapita, lakini hawasimami." Nikamuuliza kama yuko aliyekuwa akisimama. Alikaa kimya kirefu, akarekebisha kofia yake, kisha akasimulia yote niliyoyaeleza hapo juu, na alipofika kwenye maneno ya mtoto wa darasa la pili, alifuta macho kwa ncha ya shuka.

Alisema pia jambo moja ambalo nisingelijua bila yeye. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yake shambani ilikuwa kuhesabu watu alfajiri kabla hawajaingia kukata mkonge. Asiyeonekana aliulizwa habari zake kwa wenzake wa kambini siku ile ile, kwa sababu mtu asiyeonekana ama ni mgonjwa, ama amefiwa, ama amekufa. Kwa hiyo kukosekana kwa mtoto hakukumfanya afikirie mambo madogo kama kuhama au kubadili njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale ambayo kazi yake ilimfundisha. Na aliumia zaidi kwa kuwa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mtu asiyeonekana katika hesabu yake na hana miguu ya kumfuatilia.

Nilimwambia hapo hapo kwamba darasa la saba wamemaliza na hawaendi tena shuleni. Hakuniamini mpaka tabibu, mhudumu na binti yake waliposema vilevile.

Kwa uamuzi wangu, si sahihi kusema kwamba mzee aliugua kwa kukosa salamu, na nimesikia wenzangu wakikieleza kisa hivyo kwa nia njema. Watu wengi hukosa salamu na hawaachi kula. Kilichomdhuru ni kwamba mahusiano yake ya kila siku yalikuwa yamepukutika moja baada ya jingine, mke, wenzake wa bao, msikiti, masikio, hadi likabaki moja, na hilo moja likawa limebeba chakula, dawa, saa na habari za dunia kwa wakati mmoja. Binti yake anampenda na anamhudumia, wala sikuona uzembe wowote kwake. Lakini mapenzi yanayoondoka alfajiri na kurudi saa 10 jioni hayawezi kuziba asubuhi. Dodoso letu la ziara za nyumbani huuliza kama mzee anaishi peke yake, na kwa mzee huyu jibu lilikuwa hapana, hivyo hakuwahi kuingizwa katika orodha ya wanaofuatiliwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya dawa na chakula. Alipewa maji ya chumvichumvi na uji pale pale zahanatini, na alirudishiwa kidonge chake kimoja cha kawaida, bila kuongezwa dozi, kwa kuwa presha ilikuwa imepanda kwa kuachwa dawa wala si kwa dawa kushindwa. Matibabu hayakumgharimu, kwani anacho kitambulisho cha matibabu ya wazee. Tulihamisha kidonge kutoka baada ya salamu hadi baada ya sala ya alfajiri, wakati binti bado yumo ndani, akimpa mkononi pamoja na kikombe cha kwanza cha chai. Amlodipini inaweza kunywewa saa yoyote mradi iwe ile ile kila siku, na inaweza kunywewa na chakula au bila chakula, kwa hiyo mabadiliko hayo hayakuwa na hasara.

Hatua ya pili ilikuwa kumpata mtoto. Mzee alijua kwamba ni mjukuu wa fundi cherehani mmoja wa upande wa bondeni, na hiyo ilitosha. Tulimkuta kwa babu yake huyo, umbali usiofika kilomita mbili, akijifunza kushona huku akisubiri matokeo. Mama yake alishtuka kwanza, akidhani mwanawe anatuhumiwa kwa jambo fulani. Nilieleza kisa mbele ya wazazi wote wawili, si kwa mtoto peke yake, na nilikuwa makini nisiseme kwamba mzee aliugua kwa ajili yake, maana mtoto wa miaka 13 akibebeshwa neno hilo hataliweka chini. Nilisema kwamba mzee amemkosa na angependa kujua kama ni mzima. Jioni ile ile alikuja na mama yake. Sitaeleza sana walivyokutana. Mzee alimuuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, ikiwemo la chai ya asubuhi, ingawa ilikuwa karibu na magharibi.

Lakini kumrudisha mtoto hakukuwa suluhisho, na nililisema wazi kwa familia zote mbili. Januari angekwenda kidato cha kwanza, na shule aliyotarajiwa kupangiwa iko upande mwingine wa mji. Mtoto hawezi kufanywa dawa ya mtu mzima. Tulikubaliana kwamba aje akipenda, mara moja kwa wiki, barazani mbele ya watu na wazazi wake wakijua, na kwamba kazi yetu ni kuitumia miezi ile mitatu kumjengea mzee asubuhi isiyomtegemea mtu mmoja.

Jaribio letu la kwanza halikufaa. Mwalimu mmoja, kwa moyo mzuri, alijitolea kuwaagiza watoto wa darasa la tano wasimame kila asubuhi kumwamkia babu. Walisimama, wakapaza sauti kwa pamoja kama wanavyompokea mgeni darasani, wakaondoka. Siku ya nne mzee alimwambia binti yake, "Hawa wametumwa," na kuanzia hapo akawa anaingia ndani mapema ili asiwakute. Tuliomba agizo liondolewe. Yule mtoto wa kwanza alikuwa amesimama kwa hiari yake, na alikuwa akingoja kuitikiwa na kuulizwa. Hayo mawili hayapatikani kwa agizo.

Kilichosaidia kilikuwa kiti. Hatua chache kutoka kwenye baraza ile, chini ya mwembe, kuna fundi baiskeli anayefungua kazi saa 1 asubuhi, na wateja wake hukaa hapo wakingoja. Binti alihamishia kiti cha baba yake pale, pamoja na kijimeza na chupa, na fundi alikubali bila sharti. Wanaokaa kungoja baiskeli hawana haraka, na hukaa karibu, hivyo mzee huwasikia. Wengi wao wanamwamkia, wanaulizwa ni watoto wa nani, na mazungumzo yanaendelea mpaka pancha inapozibwa. Fundi mwenyewe hunywa chai pamoja naye, na bila kuambiwa amekuwa akimjulisha binti kwa simu siku ambayo mzee hajatokea. Siku za Ijumaa mteja mmoja humpakia kwenye bajaji yake hadi msikitini.

Matokeo ya darasa la saba yalitoka mwishoni mwa Oktoba, na mtoto alifaulu. Kabla ya shule kufunguliwa Januari 2025 tulimwomba afanye kitu ambacho Septemba hakujua kwamba kinatakiwa, yaani kumuaga mzee waziwazi. Alikuja na sare yake mpya mkononi, akamweleza jina la shule, njia atakayopita, siku atakayoanza, na kwamba atakuwa akija Jumamosi moja moja na wakati wa likizo. Mzee alimwambia arudie tarehe ya kuanza shule, kisha akamwita binti yake aiandike ukutani.

Presha ilipopimwa wiki mbili baada ya tukio ilikuwa 154/88, na mwezi Machi ilikuwa 144/82. Vidonge vilivyobaki Machi vililingana na hesabu. Uzito umerudi. Mambo mawili bado yako wazi. Masikio hayajashughulikiwa, kwa sababu upimaji wake unahitaji safari ya hospitali kubwa, na familia inakusanya nauli na gharama ya kifaa endapo kitahitajika. Na wakati wa masika, mvua inaponyesha asubuhi, fundi hafungui kazi yake chini ya mwembe. Kwa siku hizo mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa amekubali kupita kwa mzee kabla ya saa 2, na tumepanga kuhesabu vidonge tena mwisho wa Mei ili kuona kama mpango huo unashika.